Harambee ya kabinti ketu: mbona tusimnunulie shimesikio tu?

Habari zenu wazazi, walimu na marafiki wa shule. Tangu tutangaze hii harambee ya kumwekea kabinti ketu kipandikizi cha koklea, yaani kifaa cha kusikia kinachoingizwa kwa upasuaji, nishaulizwa swali moja mara kibao, kwamba mbona yule kijana wa darasa la sita anavaa shimesikio na mambo yake yanaenda, sasa huyu mdogo apasuliwe kwa nini, si naye tumnunulie yaishe? Ni swali halali, anayetoa hela yake ana haki ya kujibiwa, na mi mwenyewe mwanzoni nilikuwa sijui.

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama gamba la konokono, kinaitwa koklea. Humo kuna vinywele vidogo sana, sauti ikifika vinatikisika, vinaushtua mshipa wa kusikia, mshipa unapeleka habari kwenye ubongo. Shimesikio ni maiki, amplifaya na spika, kazi yake kukuza sauti basi, kwa hiyo lazima vinywele viwepo vya kuipokea. Yule kijana anaanza kusikia kwenye desibeli 55 hivi, yaani maongezi ya kawaida anayapata kwa mbali, lakini vinywele vingi bado vipo na ukimkuzia sauti anaelewa maneno. Huyo kumpasua ingekuwa kosa, maana upasuaji unaweza kuua hata kile alichobakiwa nacho.

Kabinti alizaliwa anasikia. Alikuwa ashaanza kusema "mama" na "maji", akaugua homa ya uti wa mgongo kabla hajafikisha miaka 2, akapona ila masikio yakabaki kimya. Walimpima akiwa usingizini, masikio yote mawili hayakujibu hata kwenye desibeli 90. Wakamvalisha shimesikio za nguvu kabisa. Siku wanampima nazo nilikuwepo, mtaalamu kakaa nyuma yake akapiga ngoma, mtoto akageuka, tukashangilia! Kisha akamwita jina lake, akatoa sauti ya "sss" na "shhh", kabinti yuko bize anapanga vikombe vyake. Hapo ndo nikaelewa. Mdundo mzito unapita, maneno hayapiti, na ukiongeza sauti zaidi ni kelele tu kwa vinywele vilivyokufa.

Kipandikizi cha koklea chenyewe hakikuzi sauti, kinaviruka hivyo vinywele. Nje kuna kifaa chenye maiki kinachokaa nyuma ya sikio, na kidude cha duara kinachonata kichwani kwa sumaku. Chini ya ngozi kuna kipokezi, na kutoka hapo uzi mwembamba wenye elektrodi kati ya 12 na 22 unaingizwa ndani ya koklea na kuushtua mshipa moja kwa moja kwa umeme. Ndo maana kabla ya yote walitaka picha ya MRI, kuona kama mshipa upo, maana usipokuwepo kipandikizi hakisaidii. Wake upo.

Sasa haraka ya nini? Mtoto mwingine asiyesikia kwa kawaida angejaribiwa na shimesikio miezi 3 hadi 6 kwanza. Lakini baada ya homa hii koklea inaweza kuanza kuota mfupa kwa ndani, wakati mwingine ndani ya wiki chache, na ikishajaa uzi hauingii au unaingia nusu. Picha zake zinaonyesha sikio la kushoto maji ya ndani yameanza kupungua, dalili kwamba linaanza kuziba, kwa hiyo daktari anataka afanye masikio yote mawili kwa mpigo.

Msidhani atatoka thieta anasikia. Kidonda kinaachwa kipone, kipandikizi kinawashwa baada ya wiki 2 hadi 4 (watoto wengi hulia siku hiyo, msishtuke), halafu anarudi mara nyingi kusetiwa kidogo kidogo na kufundishwa kusikia na kusema, ni kazi ya miaka. Nyaya za nje zinakatika, betri zinakufa. Kwa hiyo bajeti yetu ina vipandikizi, upasuaji, chanjo ya nimokoka, kimelea kinachoweza kuleta homa ya uti wa mgongo, kabla ya upasuaji, safari za kusetiwa na spea za mwaka wa kwanza. Lugha ya alama anaendelea nayo, mwalimu wake amekataa kabisa iachwe na mi namuunga mkono.

Na yule mzee aliyeniuliza habari za mdogo wake wa miaka 30, kama alizaliwa hasikii na hajawahi kuzoea sauti, kipandikizi hakitampa kikubwa kwenye kuelewa maneno, lakini kama alisikia akapoteza ukubwani na shimesikio haimtoshi, mpeleke akapimwe.

Michango inapokelewa na mweka hazina wa kamati, daftari liko ofisini kwa mwalimu mkuu pamoja na makadirio ya hospitali, pitieni mjionee. Upasuaji umepangwa wiki ya tatu kuanzia leo, hivyo walioahidi tafadhali walete kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo ili tuagize vifaa.