Jipu lililoiva linahitaji kisu kwanza

Mhariri,

Hapa Mtwara, mtu mwenye jipu pajani hukimbilia duka la dawa kununua ampikloksi. Tuseme siku ya tano jipu limefika sentimita nne, linabonyea katikati, na yeye anadhani aling'atwa na mdudu. Huenda ni stafilokokasi sugu kwa methisilini, anayepatikana wodini na hata mitaani. Bakteria huyu amebadilisha protini ambayo dawa jamii ya penisilini hushika, kwa hiyo kuongeza dozi ya ampikloksi hakumsaidii mgonjwa.

Tiba kuu ni mhudumu wa afya kulipasua na kutoa usaha wote, kwani dawa hupenya usaha kwa shida. Nyumbani lisikamuliwe. Kiasi cha usaha kipelekwe maabara kuoteshwa ili bakteria atambuliwe. Baada ya hapo, mtu mzima asiye na mzio wa salfa huweza kuandikiwa kotrimoksazoli miligramu 960 mara mbili kwa siku, siku saba. Au doksisaiklini miligramu 100 mara mbili, ila si kwa mjamzito. Mgonjwa mwenye homa, au wekundu unaotambaa, ni wa hospitali siku hiyohiyo: huko huenda akahitaji vankomaisini ya mshipa.

Mfamasia, Mtwara