Siagi, majarini au mchanganyiko: geuza kopo usome nyuma

Wateja wetu wengi huuliza ipi ni afadhali ya kupaka kwenye mkate. Kabla ya kujibu, huwa tunawaomba wageuze kopo. Maneno "haina kolesteroli" yaliyo mbele ya majarini ni ya kweli, lakini mafuta ya mimea kwa asili yake hayana kolesteroli ya kuhesabika, kwa hiyo hayakusaidii kuchagua.

Anza na viungo. Kilicho kingi zaidi huandikwa kwanza. Siagi halisi ina orodha fupi: krimu ya maziwa, pengine na chumvi. Majarini huanza na mafuta ya mimea, mara nyingi mawese, kisha maji. Mchanganyiko ndio wa kuangaliwa sana. Mbele kuna picha ya ng'ombe, kumbe nyuma mafuta ya mimea yametangulia na siagi ni asilimia chache tu. Si bidhaa mbaya, ila usiilipie bei ya siagi.

Ukikuta mafuta ya mimea yaliyoongezwa hidrojeni kwa sehemu, irudishe rafuni. Utengenezaji huo huzalisha mafuta ya transi, yanayopandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri.

Sasa jedwali la virutubisho lililo nyuma ya kopo. Linganisha kwa gramu 100, kwa sababu kampuni moja huhesabu kijiko cha gramu 10 na nyingine gramu 14. Tuseme mama ananunulia nyumba ambayo baba ana presha. Siagi yenye chumvi inaonyesha mafuta yaliyoshiba, ambayo nayo hupandisha kolesteroli mbaya, gramu 51 na sodiamu miligramu 600. Majarini laini ya alizeti inaonyesha mafuta yaliyoshiba gramu 15 na sodiamu miligramu 800. Kwa mafuta, majarini imeshinda. Kwa chumvi, imeshindwa: zidisha sodiamu kwa 2.5, utapata gramu 2 za chumvi kwa majarini na gramu 1.5 kwa siagi. Akipaka gramu 20 kwa siku, tofauti ya chumvi ni gramu 0.1 tu, lakini ya mafuta yaliyoshiba ni zaidi ya gramu 7. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na mkate wenyewe tayari una chumvi. Mama huyo tungempa majarini laini ya alizeti, tena isiyo na chumvi ikiwepo.

Majarini ngumu ya mawese ni habari nyingine. Mafuta yake yaliyoshiba huwa mengi kuliko ya alizeti, hata kama makopo yanafanana, kwa hiyo soma namba.

Kwa keki, tazama mafuta ya jumla. Siagi na majarini kamili hufika asilimia 80. Za kupaka zenye asilimia 40 zimejaa maji: kwenye kikaango hurukaruka, na keki hutoka nzito.