Kwa nini anga linachemka kwenye GIF yako

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Lamu mjini alituletea GIF ya sekunde 3: jahazi likipita mbele ya forodha alfajiri, Manda nyuma yake, anga la rangi ya chungwa. Faili lilikaribia MB 3 na wageni walilalamika kuwa ukurasa unachelewa kufunguka. Kilichomuuma zaidi ni anga. Lilikuwa likichemka kama uji jikoni, ingawa kamera ilikuwa juu ya stendi na anga halisi halikutikisika.

GIF hubeba rangi zisizozidi 256 kwa kila fremu. Macheo yana rangi nyingi kuliko hizo, kwa hiyo programu huchanganya vitone vya rangi mbili ili jicho lione ya tatu. Kuna njia kadhaa za kuvipanga, na mbili ndizo zinazotuhusu hapa. Njia ya Floyd–Steinberg husukuma kosa la kila pikseli kwa jirani zake. Kwenye picha moja inapendeza sana. Kwenye picha inayotembea, jahazi likisogea kidogo tu, makosa hubadilika na vitone vya anga huhama. Ndiyo huo mchemko. Uzito nao unatoka hapo hapo, maana GIF hubana vizuri pale mpangilio uleule wa pikseli unapojirudia, na sehemu isiyobadilika haina haja ya kuandikwa upya.

Njia ya Bayer hufunga vitone mahali pake. Pikseli ya anga isipobadilika kwenye video, haibadiliki kwenye GIF. Hii ndiyo amri ya programu ya ffmpeg tuliyotumia:

```
ffmpeg -i jahazi.mp4 -vf "fps=10,scale=480:-1,hqdn3d,split[a][b];[a]palettegen=max_colors=64[p];[b][p]paletteuse=dither=bayer:bayer_scale=3:diff_mode=rectangle" jahazi.gif
```

Usiiache `hqdn3d`, ndiyo inayosafisha chenga. Video ya alfajiri huwa na chenga za kamera, na chenga zikibaki, hata Bayer haisaidii, kwani pikseli zinabadilika kweli. `bayer_scale` ikiwa ndogo utaona nyavu juu ya anga. Ukiipandisha hadi 5 nyavu zinafifia lakini anga linakatika mapande mapande. Kwa macheo, 3 imetufaa.

Tulijaribu kwanza rangi 32. Anga lilipita, ila bendera nyekundu ya mlingotini ikawa kahawia, kwa sababu paleti, yaani orodha ya rangi za GIF, huzipa nafasi rangi zenye pikseli nyingi, na bendera ilikuwa na chache mno. Kwa rangi 64 wekundu ulirudi. Wengine hupendekeza `stats_mode=diff`, inayohesabu rangi za vinavyosogea tu. Bendera ingefaidika, lakini anga lililotulia lingenyimwa rangi zake, na anga ndilo wageni wanalolifuata.

Faili lilishuka hadi MB 1 na kidogo. Ukituletea kazi kama hii, tuletee video yenyewe kutoka kwenye simu au kamera. GIF iliyokwisha kuchemka ina vitone vilivyochorwa ndani yake, na kuvitoa bila kufifisha tanga hatuwezi.