Kero ya Naivasha ni kero ya kazini

Mhariri,

Mwenzetu alishikwashikwa na meneja wake usiku wa Jumamosi, kwenye ziara ya wafanyakazi huko Naivasha. Aliporipoti Jumatatu, ofisi ya rasilimali watu ilimjibu kwamba hayo yalitokea baada ya saa za kazi, tena watu walikuwa wamelewa.

Jibu hilo halina mashiko. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kinachohusu unyanyasaji wa kingono, kinauliza ni nani aliyetenda: mwajiri, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenza. Hakisemi lazima iwe ofisini wala kabla ya saa kumi na moja jioni. Mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unataja waziwazi safari, mafunzo na hafla zinazohusiana na kazi.

Hapa memo ilitoka kwa kampuni, basi lilikodiwa na kampuni, na ni kampuni iliyopanga nani alale chumba gani. (Pombe pia ililipiwa na kampuni.) Wafanyakazi wakijiendea baa wenyewe, kuihusisha kampuni ni kugumu zaidi, ingawa si muhali ikiwa mkosaji ni bosi.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa sera inayoeleza malalamiko yapelekwe wapi. Tumeiomba. Hatujaonyeshwa. Mwenzetu ameihifadhi ile memo pamoja na jumbe alizotumiwa usiku ule.

Mfanyakazi,
Nairobi