Maneno ya kadi ya Hamisi

Shoga yangu Mwanaidi,

Habari za Tanga, mama hajambo, na mtoto kaanza kutembea? Huku wote wazima, joto la Dar unalijua. Najua nimenyamaza sana, tutaongea ukija, leo nina jambo moja na nalitaka kabla ya Ijumaa.

Ni Hamisi na bizinesi kadi zake. Wewe kudizaini tulishamalizana, shida iko kwenye maneno. Kuna meneja mmoja alikuja karakana kuagiza meza za ofisi, akauliza cheti, Hamisi akamwambia sina, nimejifunzia kwa fundi, yule bwana akaondoka zake. Basi tangu hapo anataka niandike "fundi mwenye cheti cha VETA". Nimekataa, na akikupigia wewe nakuomba ukatae pia. Mteja wa namna ile ndo huyo huyo atakayeomba kopi, sasa hapo atatoa nini, na kazi nzuri yote aliyofanya itaonekana ya utapeli.

Dada yake naye anataka "hana cheti lakini ana uzoefu". Hiyo pia hapana, yaani kadi ina nafasi ya maneno 25 hivi, unaanzaje na kitu ambacho mtu hana? Akiulizwa ajibu ukweli, ila kadi iseme alichonacho. Na yale ya steshenari, "mtaalamu aliyebobea, ubora wa hali ya juu", hata saluni wanaandika hivyo hivyo.

Nikaenda nikakaa naye karakana nikamuuliza nani alikufundisha, ulianza na nini, kitu gani unampa mteja bila wasiwasi. Kumbe ana maneno mengi! Miaka 6 kwa mzee aliyemfundisha kazi pale Keko, mwaka wa kwanza wote ni kubeba mbao, kupiga randa na msasa, kitanda cha kwanza peke yake alikuja kupewa baadaye kabisa. Halafu akanionyesha kitanda cha 5 kwa 6 anachounda. Mguu anautoboa tundu kwa patasi, ubao wa ubavuni anauchonga ulimi, anapaka gundi, na ulimi unaingia kwa kugongwa na nyundo ya mbao, haupwayi. Wengine wanapiga misumari tu, muda si mrefu kitanda kinalia ukijigeuza, ukishika kichwani ukitikisa kinacheza. Na mbao zake anazipanga na vipande vyembamba katikati upepo upite zikauke, maana mbao mbichi inasinyaa ikishafika nyumbani kwa mtu, ndo unaona mlango wa kabati umeacha mwanya.

Hayo ndo ya kuandika shoga, kwa sababu mteja anaweza kuyakagua kwa macho na mikono yake. Kadi nimeiweka hivi:

"Hamisi, fundi seremala, Keko. Vitanda, makabati na milango ya mninga na mkongo. Mbao kavu, viungo vya kuchonga. Njoo karakana uone kazi kabla hujalipa." Halafu namba ya simu, kubwa.

Kipeperushi kina nafasi, hapo aongee mwenyewe:

"Nilijifunza useremala Keko kwa miaka 6 chini ya fundi wangu, kuanzia randa na msasa hadi kitanda kizima. Leo nina karakana yangu. Ukija nitakuonyesha kiungo kabla sijakifunga, na mbao kabla sijazikata. Kiungo cha kitanda kikilegea ndani ya mwaka 1, nakikaza bure."

Hiyo ya mwaka 1 tumebishana sana. Alitaka aahidi kila kitu, nikamuuliza na mlango wa nje unaopigwa na mvua na jua je? Akacheka, tukabakiza vitanda. Jina la mzee wake ningependa liwepo, Keko wanamjua na lingebeba uzito kuliko karatasi, lakini lazima kwanza aombwe ruhusa maana watu watampigia kuuliza, na Hamisi anaona aibu kwenda.

Cheti chenyewe akikitaka kwa kweli, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi wa mtaani anapimwa kwa kile anachokijua tayari. Nimemwambia aende akaulize. Siku akikipata tunachapa kadi nyingine, hizi achapishe chache tu.

Sasa nijibu. Hayo maneno ya kadi yanaenea au nipunguze milango? Picha ya kiungo kwa karibu itaonekana vizuri kwenye kipeperushi au itatoka nyeusi? Unaonaje neno "seremala", au watu wanatafuta "fundi fenicha"? Na Baba Zuhura si anaelewana na yule mzee, unaweza kumwomba ampeleke Hamisi? We mwenyewe unakuja lini?

Wako,
Asha