Mwanangu, anza na hotuba

Mwanangu, meseji yako nimeisoma, hiyo ya kutaka kuandikia watu kila kitu, sivii, barua, kujaza fomu, hotuba. Sawa, ila mimi ningeanza na hotuba. Sivii kila mtu ana ya mwenzake ya kunakili, na fomu malipo yake kiduchu halafu ukikosea tarakimu moja lawama zote zako. Mwenye hotuba anakuja na presha, siku imeshapangwa na hajui aanzie wapi.

Mimi ya kwanza niliiharibu. Nilimwandikia mzee mmoja anastaafu, nikaijaza methali na maneno mazito, kusimama tu kakwama kwenye "adhimu", karatasi inatetemeka, watu wanaangalia chini. Lile neno lilikuwa langu, sio lake.

Aliyefuata alikuwa mtunza stoo, naye anaaga. Huyu sikuandika kwanza, nilikaa naye kama nusu saa simu inarekodi. Ukimuuliza mtu "niambie kuhusu kazi yako" atakujibu nashukuru Mungu, basi. Nikamuuliza kitu gani hakijawahi kutoka mfukoni mwako? Akacheka, funguo za stoo, miaka 22, hata kulala anaziweka chini ya mto. Hotuba ikaanzia hapo hapo: "Leo ndio mara ya kwanza navaa suruali hii mfuko ukiwa mwepesi." Ukumbi mzima ulicheka, na yeye woga ukamtoka.

Sasa urefu. Mtu akisoma taratibu anakwenda kama maneno 100 kwa dakika, wengine zaidi, kwahiyo mpime mwenyewe kwa saa. Akipewa dakika 5 usimwandikie 500, andika kama 430 hivi, maana kicheko na makofi navyo vinakula muda. Ukimaliza mwambie aisome kwa sauti mbele yako, akijikwaa mahali usimfundishe kutamka, badilisha neno. Printi kwa herufi kubwa, kata mstari pale anapovuta pumzi, na sentensi isianzie ukurasa huu ikaishia mwingine.

Hela chaji kwa dakika za hotuba sio kwa kurasa, la sivyo utajikuta unarefusha. Nusu unachukua kabla hujaandika (wapo wanaosoma wakasema haijanifaa halafu wanaisoma hiyo hiyo), na marekebisho ni mara mbili, ya tatu analipia, mwambie mapema.

Wateja utaletewa na washereheshaji, wao ndio wanaona nani anahangaika na karatasi. Ila usije ukatangaza hotuba ya fulani niliandika mimi, ukishasema hivyo hakuna atakayerudi.

Na majina ya kushukuru akuandikie kwa mkono wake, na vyeo vyake, kwa mpangilio anaotaka yeye. Mimi niliwahi kuandika kwa kusikia nikamruka bosi, na yeye ndiye alikuwa kakaa kiti cha mbele.

Baba yako