Barua ya wazi kwa Mfamasia Mkuu wa Serikali: 4x2 haisomeki nyumbani

Ndugu Mfamasia Mkuu,

Sisi ni watoa dawa. Tunakuandikia kuhusu bahasha ndogo anayoondoka nayo mgonjwa dirishani, na hasa bahasha ya dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo nchi yetu imekuwa ikiitumia tangu 2006. Mara nyingi huandikwa hivi: "ALu 4x2, siku 3". Kwetu maana yake iko wazi: vidonge vinne, mara mbili kwa siku. Lakini mgonjwa hakufundishwa kwamba namba ya kwanza ni vidonge na ya pili ni mara. Akizigeuza, anameza vidonge viwili mara nne. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijitokezi. Kwa siku ni vidonge nane kwa njia zote mbili, na vyote 24 huisha siku ya tatu kama ilivyotakiwa. Hata ukimwita arudi na pakiti tupu, hesabu itakuonyesha amemeza vizuri.

Wengine huandika "kutwa mara mbili", nasi tunakubali kwamba ni afadhali. Hata hivyo, wapo wanaolisikia neno kutwa kama mchana, tangu kuche hadi jua lizame. Huyo humeza asubuhi na alasiri, kisha hukaa usiku kucha bila dozi.

Tatizo kubwa zaidi ni dozi ya pili. ALu ya siku ya kwanza haifuati saa za siku zinazofuata: dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha siku ya pili na ya tatu humezwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Tukiandika "dozi ya pili baada ya saa 8", tumempa msomaji wa Kiswahili fumbo, kwa sababu saa 8 kwake ni saa ya ukutani, baada ya adhuhuri. Mgonjwa aliyemeza dozi ya kwanza saa 4 asubuhi anaweza kumeza ya pili saa 8 mchana, yaani baada ya saa nne tu.

Kwa hiyo mtoa dawa ndiye apige hesabu, si mgonjwa. Kwa mtu mzima wa kilo 35 au zaidi, aliyemeza dozi ya kwanza Jumatatu saa 4 asubuhi, bahasha isomeke hivi:

"ALu, dawa ya malaria. Kila mara meza vidonge 4 kwa pamoja. Leo Jumatatu: saa 12 jioni. Jumanne: saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Jumatano: saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa. Ukikosa chakula, meza hivyo hivyo. Maliza vidonge vyote hata ukipata nafuu."

Sentensi ya chakula tumeiandika hivyo kwa makusudi. Mafuta husaidia dawa hii iingie mwilini, lakini "meza baada ya kula" huwafanya wasio na hamu ya kula waiache dozi, na mwenye homa mara nyingi hana hamu.

Jina la dawa libaki kama lilivyo, pamoja na nguvu ya kidonge, 20/120. Mgonjwa hayahitaji ili ameze, ila mganga atakayempokea akizidiwa atayahitaji. Kinachopaswa kuondoka ni alama ya x, na vifupisho kama BD na TDS, ambavyo ni lugha yetu sisi kwa sisi.

Picha za jua na mwezi zinawafaa wasiosoma, lakini jua moja halitofautishi asubuhi na mchana. Saa iandikwe pembeni, na mtoa dawa aitamke.

Foleni ikiwa ndefu, maneno yote haya hayaandikiki kwa mkono. Tunapendekeza bahasha za ALu zichapwe zikiwa na maneno tayari, kwa kila kundi la uzito: kidonge 1 kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, vidonge 2 hadi chini ya 25, 3 hadi chini ya 35, na 4 kuanzia 35. Mtoa dawa abaki na kazi ya kujaza siku na saa tu.

Kabla ya kuchapa, maneno yajaribiwe kwa watu wasio wa afya. Wasiulizwe "umeelewa?", kwani karibu kila mtu hujibu ndiyo. Wapewe bahasha na vidonge, kisha waambiwe: "Toa utakavyomeza leo jioni, unitajie na saa." Mkono ukitoa viwili badala ya vinne, kosa ni la maandishi yetu, na sentensi hiyo iandikwe upya ndipo bahasha iende kiwandani.

Wako katika utumishi,
Watoa dawa wa vituo vya afya na zahanati